Jiko la mkaa la bati: maswali ya mafundi kuhusu mchoro, mafiga, tundu la hewa na kigezo cha kukatia

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi wa karakana yetu huku Mtwara, na mafundi wanaopita kutoka Newala, Masasi na Lindi, huyauliza tena na tena. Ili majibu yasielee, yote yanahusu jiko moja: jiko la nyumbani la mviringo, la sufuria ya chini bapa yenye kitako cha sentimita 26 hivi, linalokatwa kwenye pipa la mafuta la lita 200. Vipimo vyote ni milimita pale ambapo sikutaja kingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Jiko lenyewe lina vipande gani?

Kuna ganda la nje, ambalo ni bomba lenye kipenyo cha ndani cha 274 na kimo cha 220. Ndani yake linaning'inia bakuli la mkaa, umbo la koni iliyokatwa ncha: juu kipenyo 220, chini 140, kimo 110. Kati ya ganda na bakuli hubaki nafasi ya hewa inayozuia joto lisikimbilie pembeni. Juu kuna pete bapa, yaani duara la 276 lenye tundu la 221 katikati, na bakuli hushikwa hapo kwa masikio yake. Juu ya pete yanakaa mafiga matatu ya kubebea sufuria. Ndani ya bakuli kuna wavu, chini yake chumba cha majivu, na ubavuni mwa ganda mlango wa hewa. Kitako ni duara la kawaida lenye masikio ya kupigia riveti, sitalizungumzia zaidi.

2. Kwa nini nichore kwenye kompyuta wakati babu zetu walikata kwa macho?

Fundi mzoefu anayetengeneza jiko lilelile kila siku ana kigezo chake ukutani, na hahitaji kompyuta. Shida huanza mteja anapotaka jiko la sufuria kubwa zaidi. Hapo kigezo cha koni hakikuzwi kwa kuongeza vidole viwili kila upande, maana ukibadilisha kipenyo cha juu peke yake, nusu kipenyo za tao zote mbili na pembe ya kukata vinabadilika pamoja. Mchoro wenye jedwali la vipimo unakupa namba mpya papo hapo, na bati huliharibu kwenye skrini badala ya sakafuni.

Sisi tunatumia FreeCAD. Ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Nyongeza ya `SheetMetal` unaiongeza mara moja tu kupitia `Addon Manager`, kwa hiyo fanya hivyo ukiwa na bando.

3. Bati gani linafaa?

Bati la pipa la mafuta, lenye unene wa kama milimita moja, linatosha kwa ganda, pete na bakuli. Usitumie bati la kuezekea, wala lolote lililopakwa zinki, kwenye bakuli au wavu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 za sentigredi, na makaa yanayopulizwa hupita hapo mbali sana. Moshi wake mweupe humletea mtu homa na baridi usiku uleule. Rangi ya pipa nayo iunguze nje, upande ambao upepo unaipeleka mbali na watu, kabla hujaanza kukunja. Pipa lililobeba sumu ya mikorosho au kemikali nyingine usilichukue kabisa.

## Kuanzia pipa

4. Kwa nini kipenyo ni 274 na si 280 kamili?

Kwa sababu ya pipa. Pipa la lita 200 lina kipenyo cha ndani cha takriban 572, hivyo ukilichana na kulifungua unapata bati la urefu wa karibu 1797. Ganda la ndani 280, kwa bati la milimita moja, linahitaji mzunguko wa 883 pamoja na 20 za kupandanisha kwenye mshono, jumla 903. Maganda mawili ni 1806. Umekosa milimita tisa, na hapo bado hujaondoa mshono wa pipa lenyewe. Utatoa ganda moja, na nusu nyingine ya bati itabaki vipande.

Kwa 274, mzunguko ni 864, na ukiongeza 20 unapata 884. Mawili ni 1768, na zinabaki kama 29 za kukata mshono wa zamani. Pipa pia lina matuta mawili yanayoligawa sehemu tatu, kila moja kama 290 kwa kimo. Ganda letu la 220, likiwa na masikio 15 juu yake, linakaa katikati ya matuta bila kuyagusa. Pima pipa lako kabla ya kuamini namba zangu, kwa kuwa mapipa hayafanani yote.

Kata ganda kwa kufuata mzunguko wa pipa, si kimo chake. Bati tayari lina mgeuko wa kukusaidia, na ukilizungusha kinyume utapigana nalo mchana kutwa.

5. Mzunguko niupige kwa kipenyo cha ndani au cha nje?

Cha katikati ya unene. Bati linapoviringishwa, upande wa nje huvutika na wa ndani hubanwa, na mstari wa katikati ndio usiobadilika urefu. Kwa hiyo chukua kipenyo cha ndani uongeze unene mmoja: 274 + 1 = 275, na 275 × 3.1416 = 863.9.

Ukitumia cha ndani peke yake ganda litapungua milimita tatu na ushee kwenye mzunguko, sawa na milimita moja ya kipenyo. Kwa jiko moja hutaona kitu. Lakini kitako na pete vilivyokatwa kwa kipimo sahihi vitakataa kuingia, na fundi atavilazimisha kwa nyundo mpaka ganda liwe yai.

6. Masikio ya juu ya ganda niyapange wapi kwenye bati bapa?

Hili ndilo kosa nililolifanya mwenyewe kwenye jiko la kwanza. Ganda lina masikio matatu, kila moja upana 20 na urefu 15, yanayokunjwa kwa ndani ili kubeba pete. Niligawa 884 kwa tatu nikapata kama 295, nikaweka alama. Nilipozungusha ganda, mapengo mawili yalikuwa 295 na la tatu 275. Pete ilikuwa na matundu yaliyopangwa sawasawa, nami nikabaki na tundu moja lisilokutana na sikio lake.

Milimita 20 za kupandanisha hazihesabiwi kwenye mzunguko, kwa kuwa zimelala juu ya zile za mwanzo. Gawa 864: kila pengo ni 288. Mshono ukikamilika, katikati yake ni milimita 10 kutoka ukingo wa kwanza. Weka masikio kwenye 154, 442 na 730 ukipima kutoka ukingo huohuo. Lile la 442 linaangukia katikati ya bati, mkabala na mshono, na chini yake ndipo unapokata mlango wa hewa. Mlango usiukaribie mshono, kwa sababu riveti zitagombana na fremu yake.

## Bakuli la mkaa

7. Koni naifunguaje iwe bati bapa?

Koni iliyokatwa ncha ikifunguliwa huwa kipande cha pete: tao kubwa, tao dogo, na mistari miwili inayoelekea kwenye kituo kimoja. Unahitaji namba tatu tu.

Kwanza mshazari, yaani urefu wa ubavu. Nusu kipenyo ya juu ni 110, ya chini ni 70, tofauti 40, kimo 110. Kipeuo cha pili cha (110 × 110 + 40 × 40) ni 117. Kisha nusu kipenyo ya tao kubwa: 117 × 110 ÷ 40 = 322. Ya tao dogo: 117 × 70 ÷ 40 = 205. Pembe ni 360 × 40 ÷ 117 = digrii 123. Nimekadiria hadi namba nzima, na kwa mkasi wa bati hiyo inatosha kabisa.

Kwenye FreeCAD weka namba hizi katika `Spreadsheet`, kila seli ikiwa na jina lake kwenye kisanduku cha `Alias`, halafu michoro iyasome:

```
mshazari: =sqrt(kimo^2 + (Rjuu - Rchini)^2)
taoKubwa: =mshazari * Rjuu / (Rjuu - Rchini)
taoDogo:  =mshazari * Rchini / (Rjuu - Rchini)
pembe:    =360deg * (Rjuu - Rchini) / mshazari
```

Andika kimo na nusu kipenyo pamoja na `mm`. Seli usiziite `R1` na `R2`, maana programu inadhani unataja seli za safu ya R na itakataa.

Baada ya hapo ongeza vitu viwili kwenye kigezo: utepe wa 15 kando ya mstari mmoja kwa ajili ya mshono, na 12 nje ya tao kubwa kwa ajili ya masikio, hivyo unakata kwa nusu kipenyo ya 334. Chana ukingo huo kila baada ya milimita 30 hivi mpaka kwenye mstari wa 322, ukunje masikio kwenda nje.

8. Mbona `Unfold` inakataa koni yangu?

Kwa sababu nyongeza ya `SheetMetal` imetengenezwa kwa mikunjo: nyuso bapa zinazounganishwa na vipande vya mviringo. Uso wa koni hauko kwenye hesabu hiyo. Usipoteze siku ukibadilisha mipangilio. Chora kipande bapa moja kwa moja kwenye `Sketcher` ukitumia namba za swali la 7, na ile koni ya kusimama itumie kuangalia tu kama vipande vinakutana.

Bomba la ganda nalo huleta ubishi wa aina hiyo. `Unfold` inataka uchague uso bapa wa kuanzia, na bomba kamili halina. Mstatili wa 884 kwa 235 huhitaji hata kuufungulia, uchore tu. Acha `Unfold` ifanye kazi kwenye mafiga na fremu ya mlango.

9. Sina bikari kubwa wala kipima pembe. Nachoraje digrii 123 kwenye bati?

Piga msumari kwenye ubao na utumie kipande cha bati chembamba chenye matundu matatu: la msumari, la 205 na la 322. Usitumie kamba, inavutika. Chora tao kubwa, weka alama mahali pa kuanzia, kisha kwa rula pima mstari ulionyooka wa 566 kutoka alama hiyo hadi unapogusa tao tena. Hapo ndipo pembe inapoishia. Unganisha ncha zote mbili na msumari na umemaliza.

Hakiki kwa kulaza uzi juu ya tao kubwa: unapaswa kuwa 691, sawa na mzunguko wa duara la 220. Ukipata pungufu, mstari wako wa 566 ulipimwa vibaya.

## Hewa

10. Tundu la hewa liwe kubwa kiasi gani?

Fuata njia ya hewa kuanzia mlangoni. Mlango wetu ni upana 90 na kimo 50, eneo milimita za mraba 4500. Wavu una matundu 37 ya kipenyo 12: moja katikati, kisha sita, kumi na mawili na kumi na nane, yakiachana 20 kutoka kituo hadi kituo. Yote pamoja ni kama 4180. Juu, moshi unatokea kati ya mdomo wa bakuli na sufuria: mzunguko wa 691 mara pengo la 10, sawa na 6910.

Angalia mpangilio huo. Mlango ni mkubwa kidogo kuliko wavu, kwa hiyo ukiwa wazi hauzuii kitu, na ukianza kuufunga ndio unaoamua. Pa kutokea ni pakubwa kuliko pa kuingilia kwa sababu hewa iliyopashwa moto hujaa zaidi: ikifika nyuzi 600 za sentigredi huchukua nafasi karibu mara tatu ya ile iliyoingia nayo. Jiko lenye mlango mpana na pengo dogo la juu hurudisha moshi mlangoni, na mpishi atakuambia jiko lina "kifua".

Upana wa 90 upime kwenye bati bapa. Ukishaviringisha, rula iliyonyooka itaonyesha pungufu kidogo. Usiupanue.

11. Wavu unashikwa na nini?

Na umbo la bakuli. Kata duara la 150 ulidondoshe ndani. Litashuka na kukwama lenyewe takriban milimita 15 juu ya mdomo wa chini. Halihitaji kuchomelewa, na likichakaa unalitoa kwa koleo. Toboa matundu bati likiwa bapa juu ya gogo, kisha ulinyooshe.

12. Mlango wa kusukuma au wa bawaba?

Wa kusukuma pembeni. Wa bawaba hubaki wazi au umefungwa, wakati faida yote ya mkaa inapatikana katikati: wazi wakati wa kuwasha, robo tu maharage yakishachemka. Mlango ukate upana wa 120 ili uzibe tundu na kubaki 15 kila upande, uuviringishe kufuata mgongo wa ganda, na uache nusu milimita ya nafasi kwenye reli zake. Ukibana sana utakwama bati likipata joto.

## Mafiga

13. Kwa nini matatu, si manne?

Vitu vitatu hukaa sawa hata kimoja kikiwa kifupi kidogo. Manne lazima yalingane kabisa, la sivyo sufuria inacheza. Na huku kwetu anayesonga ugali wa muhogo anausukuma mwiko kwa nguvu zote za mabega.

14. Figa lina umbo gani?

Ni herufi L ya bati la milimita 2, urefu 57 kuelekea katikati ya jiko. Mguu wa kulala, upana 20, unakaa juu ya pete na kukandamiza masikio ya bakuli. Unashikwa kwa riveti mbili, moja peke yake itaruhusu figa kuzunguka. Ukuta wa kusimama una kimo cha 10 na ndio unaobeba sufuria. Sehemu ya ndani, milimita 30 zinazoning'inia juu ya makaa, haina mguu, na ukuta wake umeshushwa hadi 6. Ngazi hiyo hupokea sufuria ndogo na kuizuia isiteleze. Ndani kabisa hubaki duara la 160, hivyo sufuria ya 180 bado inakaa.

Yapange katikati ya skrubu tatu zinazofunga pete kwenye masikio ya ganda.

15. Bati la figa nilikate upana gani kabla ya kukunja?

Si 20 + 10 = 30. Kila mkunjo una deni lake. Kwa bati la 2, likikunjwa digrii 90 na kubaki na mviringo wa ndani wa 2, kila upande unapoteza 4 kwenye kona, na kona yenyewe inachukua 1.57 × (2 + 0.4 × 2) = 4.4. Kwa hiyo 16 + 6 + 4.4 = 26.4.

Hiyo 0.4 ndiyo `K-factor`, na karakana yako ina yake. Kata utepe wa urefu 100 wa bati hilohilo, uukunje katikati kwa namna yako ya kila siku, upime pande zote mbili kwa nje. Jumla ikiwa 103.6, hesabu yangu inakufaa. Ikiwa 103, basi punguza 3 badala ya 3.6 kwenye kila mkunjo. Kwenye `SheetMetal` angalia pia kama umechagua `ANSI` au `DIN`, kwa kuwa namba ya `DIN` ni mara mbili ya ile ya `ANSI`.

16. Nikiinua mafiga hadi 20 moto hautawaka vizuri zaidi?

Utawaka kwa kishindo zaidi, ndiyo, na mkaa utaisha upesi. Hewa ya moto itapita pembeni kabla ya kuigusa sufuria vya kutosha. Ukishusha chini ya 6 au 7, rudi swali la 10: pengo linakuwa sawa na wavu au dogo zaidi, na jiko linakaba. Kwa jiko hili naliacha 10.

## Kuchapisha na hali za pembeni

17. Nimechapa mchoro kwenye karatasi lakini vipande havilingani. Kwa nini?

Kwenye `TechDraw` weka `Scale` iwe 1, na kwenye dirisha la printa uondoe `Fit to page`. Chora mstari wa 100 pembeni mwa kila ukurasa, uupime kwa rula kabla ya kukata. Ukisoma 96 au 97, printa imeuminya mchoro. Kigezo cha bakuli hakienei karatasi ya A4, ndiyo maana napendelea njia ya swali la 9. Ukishapata kipande kimoja sahihi, kihamishie kwenye bati na ukitundike. Karatasi haistahimili unyevu wa pwani.

18. Nataka kuweka udongo ndani ya bakuli. Nabadilisha nini?

Udongo huhifadhi joto na hulinda bati, lakini unakula nafasi. Tabaka la 20, kwa kuwa ubavu umelala, huongeza 21.3 kwa kila nusu kipenyo. Bakuli linakuwa 263 juu na 183 chini, na pete iliyokuwa na upana wa 27 inabaki 6 tu. Mafiga hayana pa kukaa tena. Itabidi ganda lipanuliwe, na hapo unarudi kwenye tatizo la pipa la swali la 4: ganda moja kwa kila utepe. Panga bei ukijua hivyo.

19. Bakuli limetoboka baada ya muda. Nimekosea?

Hapana. Bati linaloshinda kwenye makaa huliwa kwa magamba, na kando ya bahari chumvi huongeza kasi jiko likilala nje. Huanzia usawa wa wavu. Ng'oa riveti sita za mafiga kwa drili, vuta bakuli, ingiza jipya. Ndiyo sababu bakuli halikuchomelewa kwenye pete.

20. Nitajuaje kama kweli linapunguza mkaa?

Pima. Chukua jiko la zamani na jipya, sufuria ileile yenye kifuniko, maji lita 2.5, na mkaa uliotoka gunia lilelile. Pima mkaa kwa mizani kabla, chemsha, punguza mlango, acha maji yatokote nusu saa, kisha toa makaa kwenye debe lenye kifuniko yazimike na uyapime yaliyobaki. Rudia mara tatu kwa kila jiko, mahali pasipo upepo. Tofauti ya mara moja isikudanganye: vipande vidogo vya mkaa pekee vinaweza kubadilisha jibu.

21. Likitumia mkaa kidogo, linaweza kukaa chumbani usiku?

Hapana, kamwe. Makaa yaliyonyimwa hewa ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi, na gesi hiyo haina harufu wala moshi. Ukisukuma mlango hadi robo hali huwa hivyo hasa. Mwambie mteja siku ya kumkabidhi jiko: lipikie penye uwazi, na makaa yazimwe kabisa kabla ya kuliingiza ndani.